Daftari la kusubiri: namna ya kuzuia manunuzi ya ghafla na kujua ni hela ngapi kweli imebaki

Kwenye risiti za maduka mengi ya Kariakoo, chini kabisa, kuna mstari uleule: mali ikishauzwa hairudishwi. Mswahili anayeishi Ujerumani au Uholanzi akiagiza kitu mtandaoni ana siku 14 za kubadili mawazo na kudai hela yake kwa mujibu wa sheria ya Umoja wa Ulaya. Kwetu, ukishalipa kwa simu na mzigo ukapakiwa kwenye basi, biashara imeisha. Kwa hiyo muda wa kufikiri inabidi uuweke mwenyewe, na uuweke kabla ya kulipa.

Kusubiri kwenyewe si kazi ngumu. Kazi iko kwenye kupima. Watu wengi hujumlisha bei za vitu walivyoacha kununua, wakasema mwezi huu nimeokoa laki mbili, halafu tarehe 20 wanakopa hela ya gesi. Mwongozo huu unafuata mambo yote mawili pamoja: namna ya kusubiri, na namna ya kuhesabu kilichobaki bila kujidanganya. Mfano nitakaoutumia ni wa mwalimu wa sekondari Morogoro ambaye, baada ya makato yote, anapokea shilingi 850,000 kwa mwezi. Ni mfano wa kutunga, lakini bei na mazingira ni ya kila siku.

Hatua ya kwanza: amua kipi hakisubiri

Dawa, chakula cha nyumbani, ada, nauli, kodi, umeme na kifaa cha kazi kilichoharibika haviingii kwenye utaratibu huu. Fundi cherehani ambaye cherehani yake imekufa asikae siku 14 akitafakari. Kwa vingine vyote jiulize swali moja: nikikaa wiki nzima bila hiki kitu, ni shughuli gani ya nyumbani au kazini itakayosimama? Kama jibu ni hakuna, kitu hicho kinasubiri.

Swali hili linasaidia hasa kwa vitu vinavyovaa sura ya mahitaji: seti ya sufuria wakati zilizopo zinapika vizuri, vitambaa vipya vya makochi, feni ya pili, kava la simu, mashuka yaliyoonekana kwenye ukurasa wa mtu Instagram. Ni vya nyumbani, kwa hiyo moyo haukushtaki.

Sare za shughuli naziweka kando. Ukiambiwa kitenge cha kitchen pati ni 45,000 na mwisho wa kulipa ni Ijumaa, kusubiri hakukusaidii, kwa sababu anayepanga tarehe si wewe. Hilo ni suala la undugu na ujirani. Litengee fungu lake la mwezi pamoja na michango, na fungu likiisha, useme limeisha. Usiliingize kwenye daftari hili, litaharibu hesabu.

Hatua ya pili: weka muda kulingana na kipato chako cha siku

Kanuni ya saa 24 ambayo watu hutajiana ni fupi mno kwa kitu cha laki na ni ndefu kupita kiasi kwa kitu cha elfu tatu. Afadhali upime kwa pato lako la siku. Mwalimu wetu akigawa 850,000 kwa siku 30 anapata kama 28,000. Kwa bodaboda au mama lishe, chukua faida ya siku ya kawaida, yaani kinachobaki baada ya mafuta au baada ya kurudisha mtaji, si mauzo yote.

Kutoka hapo mipaka inajipanga. Kitu kisichofika nusu ya pato la siku, kwa mwalimu ni chini ya 15,000, hakisubiri, ila vitu hivyo vyote kwa pamoja vina kikomo cha wiki, tuseme 15,000. Kitu cha kuanzia hapo mpaka pato la siku mbili, yaani mpaka 60,000, kinasubiri siku 3. Kutoka hapo mpaka pato la wiki, karibu 200,000, kinasubiri siku 14. Zaidi ya hapo ni siku 30, na lazima mshahara mmoja upite katikati.

Ongeza sharti moja: kitu ulichokitamani ndani ya siku 5 baada ya mshahara kuingia, muda wake uzidishe mara mbili. Wafanyabiashara wanajua tarehe za mishahara kuliko hata sisi wenyewe. Angalia tu jinsi stetasi za WhatsApp zinavyojaa mizigo mipya kuanzia tarehe 23 na jinsi zinavyopoa tarehe 12.

Siku tatu maana yake ni siku tatu kamili. Ukiandika Jumatatu saa mbili usiku, unaamua Alhamisi saa mbili usiku, si Alhamisi asubuhi ukiwa kwenye daladala na simu mkononi.

Hatua ya tatu: andika, halafu hamisha hela siku hiyohiyo

Daftari la kawaida linatosha, au jedwali kwenye simu. Kila kitu kina safu saba: tarehe, kitu, bei kamili, hela niliyohamisha, siku ya kuamua, uamuzi, na hela niliyotumia mwishowe.

Bei kamili ina mambo mawili yanayokosewa sana. La kwanza ni gharama za kukufikia: usafirishaji wa basi, bodaboda wa kuletea, makato ya kutuma hela. La pili ni kwamba bei ya kwanza kutajwa si bei. Muuzaji akisema viatu ni 65,000 na wewe unajua vitaishia 45,000, andika 45,000. Ukiandika 65,000 utajihesabia akiba ya elfu ishirini ambayo hakuna siku ingetoka mfukoni mwako. Kama hujui bei ya mwisho, uliza, kuuliza si kununua.

Halafu inakuja hatua ambayo wengi huiruka. Siku unayoandika, toa hela ya bei hiyo mahali unapotumia kila siku na uipeleke mahali pengine: akaunti ya akiba ya benki, huduma ya akiba ndani ya mtandao wako wa simu kama M-Pawa kwa Tanzania au M-Shwari kwa Kenya, au laini ya pili ambayo huitembezi. Kwa vitu vidogo, bahasha kabatini inafaa zaidi, kwa sababu kutuma elfu ishirini ishirini mara nne ni kuwapa kampuni ya simu akiba yako. Kabla ya kuhamisha angalia makato yake, na kama ni makubwa, kusanya vitu vya wiki uvihamishe mara moja.

Kuhamisha mapema kunafanya kazi mbili. Hela ya kitu haiyeyuki wakati wa kusubiri ikawa chipsi na vocha. Na pia inakupima: kama huna hela ya kuhamisha leo, basi kitu hicho usingekinunua leo isipokuwa kwa mkopo. Kiandike, lakini kwenye safu ya kuhamisha weka sifuri. Tutaona umuhimu wake kwenye hesabu.

Kuongea na muuzaji wakati unasubiri

Wauzaji wa siku hizi hawasubiri kimya. Umeulizia bei, keshokutwa anakuandikia: «Dada, imebaki moja tu, na kuna mteja wa Mbeya anaitaka. Nitumie hata elfu kumi ya kushikia.» Hiyo elfu kumi ndiyo inayovunja utaratibu mzima. Ukishaitoa huamui tena kama unataka kitu, unaamua kama uko tayari kupoteza elfu kumi, na karibu kila mtu hulipa kilichobaki.

Jibu liwe fupi na la heshima: «Asante kaka, mpe tu huyo mteja. Mimi nitakutafuta Jumamosi, nikikosa nitasubiri mzigo mwingine.» Mara nyingi Jumamosi kitu bado kipo, na mara nyingine bei imeshuka. Nyamazisha stetasi zake mpaka siku ya kuamua. Mtu anayefungua picha ya kitu kilekile mara sita kwa siku hasubiri, anajipikia hamu.

Na kama umewasha huduma ya kukuongezea salio likipungua, Fuliza kwa Kenya au Songesha kwa Vodacom Tanzania, jua kwamba inafanya kitu cha 50,000 kilipike hata ukiwa na 8,000. Ukikuta kwenye taarifa yako ya miamala kwamba unaitumia zaidi kwa vitu vya anasa kuliko dharura, jitoe kwanza kwenye huduma hiyo, ndipo uanze daftari.

Hatua ya nne: siku ya kuamua

Siku ikifika kuna majibu matatu tu: NUNUA, ACHA, au PUNGUZA, yaani nunua cha bei nafuu zaidi kinachofanya kazi ileile. Hakuna «ngoja nione wiki ijayo». Kitu kinachoahirishwa tena na tena kinashikilia hela na kuvuruga hesabu ya mwezi. Kama siku imefika na ulikuwa umeshakisahau mpaka ulipofungua daftari, jibu ni ACHA bila mjadala.

Kwa vitu vilivyobaki, usijiulize kama bado unakitaka, maana jibu utalipata tu. Jiulize kitakaa wapi, nitakitumia siku gani ya wiki, na kile nilichonacho cha aina hiyo kitaenda wapi. Mtu anayetaka blenda na anajua kwamba watoto hunywa juisi kila Jumamosi na Jumapili ana jibu. Mtu anayetaka blenda kwa sababu «nitaanza kunywa juisi» hana.

Kama ni NUNUA, nunua kwa amani. Daftari ambalo kila mstari umeandikwa ACHA limejazwa vitu ambavyo mwenyewe hakuwa na mpango navyo.

Hatua ya tano: hesabu ya mwezi

Huu ni mwezi mmoja wa mwalimu wetu, kuanzia tarehe 26 mpaka tarehe 25 ya mwezi unaofuata.

| Kitu | Bei kamili | Alihamisha | Uamuzi | Alitumia |
|---|---|---|---|---|
| Raba za Instagram | 50,000 | 50,000 | ACHA | 0 |
| Blenda | 95,000 | 95,000 | PUNGUZA | 80,000 |
| Pafyumu | 25,000 | 25,000 | NUNUA | 25,000 |
| Seti ya mashuka | 40,000 | 40,000 | ACHA | 12,000 |
| Spika ya kuchaji | 60,000 | 0 | ACHA | 0 |
| Saa ya mkononi | 30,000 | 30,000 | ACHA | 0 |

Raba aliziona tarehe 26, siku mbili baada ya mshahara, zikiwa 45,000 pamoja na 5,000 za basi kutoka Dar. Kwa hiyo zilisubiri siku 6 badala ya 3. Blenda ilisubiri siku 14, na katika muda huo akaikuta ya aina nyingine mjini Morogoro kwa 80,000, yenye waranti. Mashuka aliyaacha, lakini wiki moja baadaye akanunua mito miwili ya 12,000 kwa sababu alikuwa bado anataka chumba kibadilike. Spika aliitamani tarehe 19, akiwa na 20,000 tu kwenye simu.

Hesabu ya haraka inakwenda hivi: raba 50,000, mashuka 40,000, spika 60,000, saa 30,000, na 15,000 ya tofauti ya blenda. Jumla 195,000. Inapendeza, lakini si kweli.

Spika haihesabiki, kwa sababu hakuwa na hela ya kuinunua. Kuacha kitu ambacho usingeweza kukilipia hakukuongezei shilingi. Mito ni kibadala cha mashuka, hivyo inapunguzwa: kwenye mashuka kilichobaki ni 28,000. Kwa hiyo ni 50,000 ya raba, 15,000 ya blenda, 28,000 ya mashuka na 30,000 ya saa, jumla 123,000. Toa makato ya kuhamisha, tuseme yalifika 3,000, inabaki 120,000. Karibu asilimia 14 ya mshahara wake.

Njia fupi ya kupata jibu hilohilo ni kujumlisha alichohamisha, 240,000, na kutoa alichotumia, 117,000. Ukiwa na jedwali kwenye simu, ambapo safu ya D ni hela iliyohamishwa, F ni uamuzi na G ni iliyotumika, kanuni hii inahesabu vitu vilivyokwisha kuamuliwa tu na kuacha vinavyosubiri:

```
=SUMIF(F2:F100,"<>",D2:D100)-SUMIF(F2:F100,"<>",G2:G100)
```

Makato ya simu yatoe mwenyewe mwishoni. Kisha fungua akaunti na bahasha. Ukitoa hela ya vitu ambavyo bado vinasubiri, zinapaswa kuwa zimeongezeka kwa 120,000. Kama zimeongezeka kwa 90,000, kuna 30,000 iliyochotwa, na ni afadhali kuiandika kuliko kuitafutia maelezo.

Hatua ya sita: je, hela imepungua kutumika, au imehama mlango?

Hapa ndipo wengi husimama, na hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Akaunti inaweza kuwa na 120,000 kweli na bado hali yako isiwe imeboreka kwa kiasi hicho.

Kabla ya kuanza daftari, pitia taarifa ya miamala ya miezi miwili iliyopita kwenye simu na benki, na ujumlishe vitu vyote visivyo vya lazima, vikubwa kwa vidogo. Hela taslimu haionekani huko, kwa hiyo kadiria kutokana na kiasi ulichotoa kwa wakala. Tuseme mwalimu alipata wastani wa 310,000 kwa mwezi. Mwezi wa daftari anafanya hesabu ileile na kupata 215,000: 117,000 ni blenda, pafyumu na mito, na 98,000 ni vitu vidogo visivyofika kizingiti cha 15,000, ambavyo kwa jumla vilivuka kikomo chake cha wiki. Matumizi yameshuka kwa 95,000.

Akiba inasema 120,000, matumizi yanasema 95,000. Ile 25,000 imetoka wapi? Kwa mwalimu wetu jibu liko kwenye daftari jingine, la Mangi wa duka la jirani, ambako jina lake lina deni la mchele na sabuni la 25,000. Alikuwa anaweka akiba kwa mkono mmoja na kukopa kwa mkono mwingine. Namba ya kuamini kati ya hizo mbili ni ile ndogo. Mwezi huo aliokoa 95,000, na kazi ya kwanza ya akiba yake ni kulipa deni la Mangi.

Mwezi mmoja unaweza kudanganya, hasa ukiwa na Idi, Krismasi au kufungua shule ndani yake. Linganisha miezi mitatu mitatu. Na kila kitu ulichokiandikia ACHA kipe siku 60 kabla ya kukihesabu kama kimekwisha. Ukikinunua ndani ya siku hizo, ulikuwa umeahirisha tu, na bei yake itolewe kwenye akiba ya mwezi ulionunua.

Mahali ambapo utaratibu huu haufai

Mitumba ni mfano mzuri. Belo likifunguliwa Manzese au Gikomba asubuhi, gauni la gredi ya kwanza liko moja, na saa tano limeshaondoka. Kusubiri siku tatu hapo ni kusema sinunui. Kwa mitumba tumia kikomo badala ya muda: nenda na hela taslimu uliyoipanga kwa mwezi, simu iache nyumbani au iwe haina salio, na usiandike akiba yoyote kutokana na safari hiyo.

Bei za punguzo nazo zina utata. Kama kitu kilikuwa tayari kwenye daftari kabla ya Sabasaba au punguzo la Novemba, na unaijua bei yake ya kawaida kwa sababu uliiandika, nunua, hata kama siku hazijaisha. Kama umekiona kwa mara ya kwanza siku ya punguzo, kinasubiri kama vingine. Nguo za Idi za watoto ziandike mapema, wiki ya kwanza ya Ramadhani au kabla, maana siku za mwisho hakuna anayekupunguzia.

Simu na vifaa vya kulipia kidogokidogo kila siku vinahesabiwa kwa bei yote: kianzio, ukijumlisha na malipo ya siku mara idadi ya siku. Shilingi chache kwa siku huwa hazifiki kizingiti chochote, lakini jumla yake kwa kawaida inaangukia kwenye kundi la siku 30.

Angalia pia dalili ya kujikwepa: vitu vya 14,000 vinaanza kuwa vingi kuliko zamani. Maana yake umejifunza kukaa chini ya kizingiti. Usishushe kizingiti, kaza kile kikomo cha wiki.

Baada ya miezi mitatu

Pitia mistari yote kwa aina ya kitu, si kwa tarehe. Kama kila pafyumu uliyoandika iliishia NUNUA na unaitumia mpaka chupa inaisha, kusubiri hakukusaidii kitu hapo. Itengee fungu la mwezi na uitoe kwenye daftari. Kama raba tano kati ya tano ziliishia ACHA, ongeza muda wa viatu uwe siku 14 hata vikiwa vya 40,000, na uache kufuata kurasa mbili tatu za wauza viatu. Kama kundi la siku 14 limejaa PUNGUZA, huo muda unakufaa kwa sababu nyingine: unakupa nafasi ya kuzunguka maduka. Uache ulivyo, ila kwenye daftari ongeza safu moja ya bei ulizozikuta kwingine, ili mwezi ujao usianze kuuliza upya.